Thelathini na Tano ya Skrini

Bosi wetu alikuwa mtu wa namba. Ukimwambia mvua inakuja alikuuliza asilimia ngapi. Ukimwambia umechoka alitaka kujua umechoka kiasi gani, kama kwamba uchovu unauzwa kwa kilo. Sisi wafanyakazi wa kiwanda chake cha mikate tulimwita Tarakimu, yeye akiwa hayupo, na mimi ninayefunga mikate kwenye karatasi ndiye niliyempa jina hilo. Silijutii.

Basi siku moja alirudi kutoka semina akatutangazia kwamba chumba cha kuumulia kitakuwa cha kidijitali. Chumba hicho ndimo unga uliokandwa unamokaa ufure kabla ya kuingia kwenye tanuri, na joto lake linatakiwa liwe kama nyuzi thelathini na tano. Miaka yote aliyekiangalia ni mwokaji wetu, Mama Hamira. Alikuwa akiingiza mkono, akikigeuzageuza kiganja, kisha anawasha hita au anaizima. Mikate ilifura mpaka ikagombania nafasi.

"Mkono si kipimo," alisema Bosi. "Mkono hauna desimali."

Kazi akampa mpwa wake, kijana aliyetoka chuo cha ufundi na cheti ambacho wino wake ulikuwa bado unanukia. Tulimwita Injinia. Hakuwa mtoto mbaya, ila alikuwa na haraka, na mjomba wake alimsifu mno. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Injinia alituonyesha kifaa chake: punje nyeusi yenye miguu miwili ya waya, ndogo kuliko punje ya mtama, aliyoiita themista. Joto likipanda, ukinzani wa umeme ndani yake unapungua. Punje inaungwa kwenye kompyuta ndogo ya kiganjani, ambayo yenyewe haijui joto ni nini. Inachokiona ni volti, nayo inaigeuza kuwa namba kati ya sifuri na elfu moja na kidogo. Kazi ya fundi ni kuiambia kila namba maana yake ni nyuzi ngapi.

Akaleta bakuli la barafu iliyoyeyuka nusu, akaizamisha punje iliyofungwa vizuri isilowe. Kompyuta ikasoma mia saba themanini na nane. Hiyo ndiyo sifuri, akasema. Akaizamisha kwenye birika linalochemka, ikasoma sitini na saba. Hiyo ndiyo mia. Kisha akachukua rula, akaunganisha nukta mbili kwa mstari ulionyooka kama mbeleko iliyopigwa pasi, akaupeleka mstari huo ndani ya kompyuta. Bosi alipiga makofi. Alitaka uhakiki ufanyike mbele yetu sote, na ulifanyika: barafu, skrini ikasema sifuri, birika, skrini ikasema mia. Nani angebisha?

Hita ikaunganishwa. Skrini ikifika thelathini na tano, hita inajizima yenyewe. Mama Hamira akaambiwa apumzishe mkono wake.

Kesho yake mikate ilitoka tanurini imejikunja kama ngumi. Mizito, mibichi kidogo katikati. Wateja waliirudisha. Mmoja aliniuliza kama tumeanza kuuza matofali, nami nilikuwa nimekwisha kujiuliza swali hilohilo.

"Chumba kina baridi, Bosi," alisema Mama Hamira.

Bosi alinyoosha kidole kwenye skrini. Namba nyekundu, kubwa, nzuri: thelathini na tano. "Mama, unabishana na hii?"

Akabadilishiwa hamira. Mikate ikabaki ngumi. Akabadilishiwa unga. Ngumi. Kilichobaki kubadilishwa kilikuwa yeye mwenyewe, na Bosi hakulificha hilo: ikifika Jumamosi mikate haijafura, mwokaji mwingine ataingia. Alilisema mbele ya watu, na akaongeza kwamba uzee ukimwingia mtu mkono wake hufa, hakuna wa kulaumiwa.

Mimi hilo neno lilinichoma. Huyu mama alisomesha watoto watatu kwa mkono huo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alianza kuliamini. Alianza kuvaa sweta ndani ya chumba cha kuumulia. Alikwenda zahanati kuuliza kwa nini anasikia baridi mahali penye nyuzi thelathini na tano, akapewa vidonge vya damu. Nilimkuta siku moja ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, anauangalia kama unavyomwangalia mgeni aliyekuja nyumbani bila kubisha hodi.

"Labda kweli, mwanangu," aliniambia. "Labda umekufa."

Nilirudi kwenye karatasi zangu. Nami nilikuwa nimeiona skrini.

Alhamisi Bosi alimtuma Injinia akae chumbani na mama huyo tangu asubuhi, amwangalie anavyofanya kazi, amletee kasoro zake. Kumbuka kwamba tangu akifunge kifaa chake kijana huyu alikuwa akikisomea ofisini, kwenye simu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ulikuwa msimu wa baridi, na nje pumzi zilikuwa zinaonekana. Alikaa juu ya gunia, akaangalia. Baada ya muda akavuta kola ya shati. Kisha akaweka mikono kwapani.

"Mama," akasema, "mbona humu kuna baridi?"

Mama Hamira aliacha madonge. "Na wewe pia unaisikia?"

"Naisikia."

"Basi si uzee," akasema mama, akakaa chini. Nilikuwa mlangoni na makreti yangu. Sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo kwa kuambiwa kuna baridi.

Injinia akaenda kuazima kipimajoto cha kioo, kile cha kawaida chenye uzi mwekundu ndani, akakining'iniza karibu na punje yake. Kioo kikasema ishirini na tatu. Skrini ikasema thelathini na tano. Kwanza akakilaumu kioo, maana ni rahisi kulaumu cha kuazima. Akavitia vyote viwili kwenye barafu: vikakubaliana. Akavitia kwenye birika: vikakubaliana. Akajikuna kichwa. Ndipo mama akamwambia, kwa uchovu tu, "Lakini humu hatuumulii kwenye barafu wala kwenye birika."

Akachukua maji ya vuguvugu. Kioo: arobaini. Skrini: sitini.

Nilimwona akibadilika rangi. "Nimepiga mstari," akasema polepole. "Nayo haiendi kwa mstari."

Alitueleza akiwa amekaa sakafuni. Punje ile haibadiliki sawasawa. Kwenye baridi ukinzani wake unaporomoka kwa kasi, kwenye joto kali unashuka kidogokidogo. Ukiongeza nyuzi tano karibu na vuguvugu, namba ya kompyuta inashuka kwa hamsini na zaidi. Nyuzi tano hizohizo karibu na kuchemka, inashuka kwa tisa tu. Njia yenyewe ina kona, naye alikuwa amejua inapoanzia na inapoishia, akaikata porini. Na tulipohakiki, tulihakiki pale pale alipochomeka vigingi vyake. Kuna milinganyo ya kuikunja hesabu, alisema, walitufundisha chuoni. Nilimuuliza mbona hakuitumia. Akasema rula ilikuwa karibu.

Nilitaka kumpiga kreti. Mama Hamira akamuuliza, "Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka. Lakini Mjomba..."

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Tengeneza kwanza."

Wakaweka sufuria ya maji baridi jikoni, punje na kioo ubavu kwa ubavu, mama akikoroga ili joto lienee sawa. Kila kioo kilipopanda nyuzi tano, Injinia alisoma namba ya kompyuta, na kwa kuwa hakuwa na karatasi aliandika kwa kidole kwenye unga uliomwagika juu ya meza. Ishirini: mia tano sitini na tisa. Ishirini na tano: mia tano kumi na moja. Thelathini: mia nne hamsini na sita. Thelathini na tano: mia nne na tatu. Niliposogea kufuta meza kwa mazoea, wote wawili walinikaripia kwa pamoja. Jedwali likaingia kwenye kompyuta hivyohivyo lilivyo: namba ikija, inatafutiwa mahali pake kati ya namba mbili za jedwali zinazofuatana, na ni katikati ya hizo mbili tu, kipande kifupi, ndipo mstari ulionyooka unaruhusiwa.

Aliporudisha punje chumbani, skrini iliyokuwa ikisema thelathini na tano sasa ikasema ishirini na tatu. Hita, ambayo siku zote hizo ilikuwa ikijizima mapema kama mlinzi mvivu, ikawaka na kuendelea kuwaka. Mama akavua sweta.

Jumamosi mikate ilifura mpaka ikagusana. Bosi, ambaye alikuwa bado hajaambiwa kitu, aliingia chumbani na suti yake, akalifinya donge moja, akaangalia skrini. Thelathini na tano. Akageuka, akatuhutubia humohumo, mlango umefungwa.

"Mnaona? Wiki nzima mashine ilisema thelathini na tano. Leo inasema thelathini na tano. Mashine haikubadilika. Aliyebadilika ni Mama. Nilijua akitishwa kidogo mkono utafufuka."

Mama Hamira aliinamisha kichwa. Kazi yake ilikuwa imepona, lakini alikuwa anaambiwa wiki nzima alikuwa mvivu, na hilo lilikuwa baya kuliko kuambiwa amezeeka. Nilimtazama Injinia. Alitazama viatu vyake. Nikasema moyoni, damu nzito kuliko maji, tumekwisha.

Kisha nikamwona anachomeka waya wa kompyuta yake ya mapajani chini ya skrini. Bosi alikuwa bado anahutubia kuhusu nidhamu. Skrini ikazimika, ikawaka tena. Hamsini na tatu.

Bosi aliiona katikati ya sentensi. Akalegeza tai. Akaendelea maneno mawili matatu, akafuta paji la uso, akavua koti. "Humu kunawaka," akasema. "Fungueni mlango, tutaiva." Naapa jasho lilimtoka, la kweli, la kudondoka. Akatoka mbio akijipepea na koti. Mama Hamira alibaki ndani, anapanga madonge yake taratibu.

"Mjomba," alisema Injinia kutoka mlangoni, "hewa ni ileile. Nimerudisha tu mstari wangu wa zamani. Huo mstari unadanganya. Ulisema thelathini na tano kukiwa ishirini na tatu. Mikate iliharibiwa na mimi."

Bosi alitazama skrini, akatazama koti lake mkononi, akatutazama sisi tusiotoka jasho. Hakuna aliyecheka. Hilo lilimchoma zaidi.

"Irudishe thelathini na tano," akasema hatimaye.

Injinia akarudisha jedwali. Bosi akavaa koti, akasimama kizingitini bila kujua aingie au asiingie. Ilionekana wazi kwamba hajui humo ndani kuna joto au kuna baridi. Akasubiri. Ndipo akamuuliza, kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia:

"Mama, humo... pakoje?"

Mama Hamira alinyoosha mkono wake wa kulia hewani, akakigeuzageuza kiganja.

"Ingia tu, mwanangu," akasema. "Pazuri."