Risiti Zilizotiwa Plastiki

Jagdeo alikuwa Hyderabad anapanga vigae, simu ikamwambia mama yake kafariki. Yeye ndiye mtoto wa kwanza, kwa mila yao ya Kihindu moto wa kumchoma marehemu ni wake kuwasha, na maiti haikai. Akakimbilia uwanja wa ndege na tiketi ya Darbhanga, kwao, mkononi. Ndege imefutwa.

Dada wa dirisha la shirika la ndege akasema nafasi ipo keshokutwa.

"Keshokutwa nimchome nani, dada?"

"Basi nunua kwingine, kaka. Nauli ya zamani tutarudisha, iliyozidi utadai, na chakula pia. Lakini risiti! Siku thelathini tu."

Huko nyumbani mkewe Phulo akavua hereni, akaziweka rehani kwa sonara, hela akamwekea benki. Jagdeo akazitoa kwenye mashine, akamlipa wakala wa tiketi taslimu, akapata ndege ya Patna, mji ulio karibu na kwao. Alikula mara mbili: mgahawa wa uwanjani, na wali wa mama mmoja nje ya geti aliyemwandikia risiti kwa kalamu. Moto aliuwahi.

Nauli ya zamani ikarudi kweli, ikaenda kwa sonara. Zikabaki rupia elfu sita na mia sita, ndipo hereni zitoke.

"Baba Guddi, harusi ya mdogo wangu ni mwezi ujao," Phulo akamwambia. "Niingie kwetu masikio matupu? Watasema umeniuza na mimi."

"Hela inakuja, mama Guddi. Tulia."

Paa linavuja na mvua hazikatiki. Jagdeo akaona risiti zitaoza kabla hajazituma. Kwao cheti, kitambulisho, hata picha ya marehemu, chochote cha maana hutiwa plastiki. Akazipeleka kwa Mahto mwenye duka la fotokopi.

"Zote?" Mahto akauliza.

"Zote. Maneno punguza, bana."

Mashine ikazitema zikiwa nyeusi tii, isipokuwa ile ya kalamu.

"Hii karatasi huchapwa kwa joto," Mahto akasema taratibu. "Ikipata joto tena, inaungua yote."

"Sasa unaniambia?"

"Si nilikuuliza?"

"Uliuliza zote! Hukuuliza niziunguze!"

Namba ya wakala nayo ilikuwa kwenye risiti hiyohiyo. Mahto, kwa aibu, akazipiga picha risiti na kumtumia madai bure. Shirika likajibu baada ya wiki mbili: tunaona kwenye orodha ulisafiri, lakini hakuna kinachoonyesha ulilipa kiasi gani. Tiketi hatulipi. Mgahawa hausomeki. Wali, rupia mia na arobaini, umelipwa.

Phulo alisikiliza hadi mwisho, akavuta ushungi ukafunika masikio.

"Nitasema ziko kwa sonara zinasafishwa."

"Nitawaambia hivyohivyo na mimi."

"Wewe usije," akasema. "Hujui kudanganya."