Jua la Uwanja wa Karafuu

Mjukuu wa Kristina alikuwa na siku nne duniani ndipo bibi yake alipojua kwamba amezaliwa. Habari ilipandishwa mlimani na Ahmadi, mnunuzi wa karafuu, aliyefika akihema, akaketi kwenye kizingiti na kusema, "Mama, hongera ya mjukuu," kama mtu anayerudia jambo ambalo kila mmoja anajua. Kristina alibaki amesimama na ungo mkononi. Bintiye, Happiness, aliyekuwa akiishi Mazimbu, alikuwa amepiga simu asubuhi, mchana na jioni, na mwishowe akakata tamaa akamtafuta Ahmadi. Simu ya mama ilikuwa juu ya kabati, imezimika tangu Jumapili.

Kuichaji ilikuwa safari. Mtu alishuka Mkuyuni kwa saa mbili nzima, akaiacha kwenye kibanda cha kuchajia, akazurura sokoni mpaka ijae, kisha akapanda mlima tena na magoti yakilia. Kwa hiyo simu ilichajiwa siku za soko tu, na siku za soko zilipokutana na mvua, haikuchajiwa kabisa. Taa nayo ilikuwa tochi ya betri. Kristina aliitumia kuchambulia karafuu baada ya chakula cha jioni, akiitia kwapani ili mikono yote miwili iwe huru. Betri zikianza kuchoka, karafuu nzuri na mbovu zilifanana.

"Nataka sola," alimwambia mumewe jioni ile.

Andrea aliacha kutafuna. "Sola huku? Mama Happy, huku jua lenyewe linakuja kwa kuomba ruhusa."

Hakuwa anatania. Nyumba yao ilikaa kwenye bega la mlima, upande unaotazama mashariki, na ukungu ulipanda kutoka bondeni alfajiri, ukaingia uani kama mgeni aliyezoea nyumba, ukatulia. Siku nyingine ulikaa mpaka saa nne. Mchana mlima wenyewe uliinuka nyuma yao na kulimeza jua mapema, kabla watu wa Mkuyuni hawajafikiria hata kuanua nguo. Kulikuwa na saa ambazo Kristina alisimama uani na asione jiko lake lenyewe, bali asikie sauti ya kuku tu ikitoka ndani ya weupe, naye akahisi kama yuko ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Jirani yao Twalibu ndiye aliyekuwa shahidi mkuu wa Andrea. Alikuwa amenunua sola miaka miwili nyuma kwa mchuuzi mpita njia, na sasa ilikuwa imekufa. "Dada Kristina," alisema, "sola ni kitu cha watu wa tambarare. Sisi tumezaliwa kivulini."

Siku ya soko Kristina alishuka hata hivyo. Kulikuwa na duka moja la sola pale Mkuyuni, na muuzaji alikuwa mwanamke wa rika la bintiye, Zuhura, aliyevaa ushungi wa rangi ya embe bivu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza, sijaja kununua."

"Uliza tu. Kuuliza hakulipiwi."

Zuhura alimwonyesha kifurushi kidogo: paneli isiyozidi ukubwa wa sinia, kisanduku cha betri, taa tatu zenye waya, na waya wa kuchajia simu. Bei yake ilikaribia kilo nane za karafuu kavu. Kristina akauliza kama kinapiga pasi.

"Hakipigi pasi, hakipiki, hakiwashi televisheni. Ni taa na simu. Tena simu kama hiyo yako ya kitochi haili kitu. Simu janja ndiyo mlafi. Ukichaji moja mpaka ijae, imekula sehemu kubwa ya kisanduku, na taa zitalala mapema."

"Na ukungu?"

Zuhura hakujibu haraka, na Kristina akampenda kwa hilo. "Kwenye ukungu inachaji, lakini kwa kusuasua. Unaweza kupata robo ya kile cha jua, au chini ya hapo. Mama, sitaki ununue halafu unitukane. Nenda kwanza katafute jua lako linakaa wapi, na kwa saa ngapi. Ukipata saa tano za jua safi kwa siku za kawaida, njoo. Ukikosa, nunua betri zako."

Kristina alipanda mlima akilirudia lile neno: jua linakaa wapi. Miaka sitini alikuwa ameishi pale, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa Twalibu kuazima ile sola mfu. Twalibu aliing'oa kutoka chini ya mparachichi, paneli imepakwa utando wa kijani na vinyesi vya ndege. Betri haikuweza tena kushika chaji, lakini kisanduku kilikuwa na kitaa kidogo cha kijani kilichowaka kila umeme ulipoingia kutoka kwenye paneli. Kwa kazi ya Kristina, hicho kilitosha.

"Uliiweka hapa, chini ya mti?" aliuliza.

"Ili isiibiwe," alisema Twalibu. "Na nilikuwa nachajia watu simu zao, nane, kumi kwa siku." Akatazama juu kwenye matawi, kisha akatazama chini, kama anayeviona vyote viwili kwa mara ya kwanza.

Kristina aliiosha paneli kwa maji na kitambaa laini, na zikaanza siku ambazo baadaye alizikumbuka kama homa njema. Alitembea uani kwake na kipande kile cheusi mikononi, kisanduku kikining'inia kwa waya, akilifuata jua. Akakiegemeza juu ya paa la nyumba kwa ngazi: kitaa kilikataa mpaka karibu saa tano, kwa sababu ya mkarafuu mkubwa ulioinamia paa, mkarafuu ambao mama yake aliupanda mwaka aliozaliwa Kristina. Akakipeleka ukingoni mwa migomba: kitaa kiliwaka, jani moja likateleza na upepo, kivuli kikakatiza pembe ya paneli, kitaa kikazimika. Jani moja tu. Akalisogeza kwa kidole, kikawaka. Akaliachia, kikazimika. Alicheza hivyo muda mrefu, peke yake, kama mtoto.

Andrea alimtazama siku mbili. Siku ya tatu alikuja na panga.

"Nikiukata ule mkarafuu, paa linapata jua."

"Ule haukatwi."

"Tawi moja."

"Baba Happy, ule si wa kwangu peke yangu. Na wewe huo si wa kwako hata kidogo."

Andrea alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Alikuja kuoa kwenye ardhi ya wanawake, na miaka arobaini hakuwahi kulisahau hilo. Akaliweka panga chini, akachukua upande mmoja wa paneli ingawa haikuwa na uzito wowote, wakaibeba wawili. Ukungu ulikuwa unaondoka. Uliondoka kwa vipande, ukifungua bonde kidogo hapa, kidogo pale: bati la kanisa, mstari wa njia, moshi wa mtu. Walitembea ndani yake, wakisimama kila kitaa kilipofumba jicho, wakisogea kila kilipofumbua, mpaka miguu yao ikakanyaga kitu cha joto.

Ulikuwa mwamba wa bapa kando ya jiko. Kitaa kiliwaka na hakikuzimika.

Kristina aliangalia miguu yake. Juu ya mwamba kulikuwa na alama za mkeka, na katika nyufa punje za karafuu zilizokauka msimu huu, msimu uliopita, na misimu ya zamani zaidi. Akaketi chini akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nini?" aliuliza Andrea.

"Mimi ni mjinga. Tunaanika wapi karafuu?"

Andrea aliuangalia mwamba, akaangalia mbingu, naye akaketi. Mama yake Kristina alianika pale, na bibi yake pia. Ungeuliza mtu yeyote wa nyumba ile mahali pa kuanika, angekuonyesha kwa kidevu bila kufikiri.

Walikaa pale siku nzima kuhakikisha. Kristina alileta viazi vilivyochemshwa, wakala wakiwa wamenyoosha miguu, jambo ambalo hawakukumbuka lini walilifanya mara ya mwisho. Kitaa kiliwaka tangu kabla ya saa tatu asubuhi. Jua lilipita juu yao likiegemea upande wa kaskazini, kama lipitavyo miezi ile, na kivuli cha mlima kilipofika kwenye mwamba ilikuwa saa tisa na nusu. Joto lilipanda kutoka kwenye jiwe, likaingia mifupani. Andrea alisinzia na kofia usoni. Kristina alisikia nyuki, maji ya korongoni, na chini kabisa pikipiki ikihangaika na kilima, na kwa muda hakujua kama anasikia au anaota.

Siku ya soko iliyofuata walishuka wote wawili. Zuhura aliwasikiliza, akawauzia kifurushi, akawaandikia hati ya dhamana ya miaka miwili yenye muhuri, jambo ambalo mchuuzi wa Twalibu hakulifanya, kisha akaonya, "Kisanduku kisikae karibu na moto wa jikoni. Na waya msiurefushe kwa vipande vyembamba. Umeme unapotelea njiani."

Paneli ikafungwa juu ya paa la jiko, pale linapopakana na mwamba, ikiinamishwa kidogo kuelekea kaskazini ili mvua iteleze na vumbi. Waya wake ulivuka hadi kwenye ukuta wa nyumba, kilipowekwa kisanduku, na ukabaki ziada ya kiganja kimoja. Taa moja iliingia jikoni, moja chumbani, moja sebuleni, kwa sababu Andrea alisema mgeni hawezi kukaribishwa gizani. Jioni ya kwanza Kristina alichambua karafuu kwa mikono miwili, kwapa likiwa huru. Happiness alipopiga, simu ilikuwa hewani, na mtoto alilia sikioni mwa bibi yake kwa dakika nzima bila kukatika.

Twalibu alikuja kutazama. Aliondoka, na wiki ile sauti ya shoka ilisikika upande wake. Alikuwa akipunguza mparachichi.

Mvua za vuli zilipoanza, ukungu ulikaa siku tatu bila kuinuka. Siku ya kwanza taa ziliwaka kama kawaida, kwa akiba. Siku ya pili Kristina alizizima mbili, na ile ya jikoni akaipunguza kwa kitufe mpaka ikawa mwanga wa maziwa. Hakuwa na hofu. Alilijua jua lake na ukaidi wake. Jioni ya tatu, baada ya kula, Andrea alinyoosha mkono akaizima hata hiyo iliyobaki.

"Mbona unazima?"

"Njoo uone."

Mlangoni ukungu ulikuwa umeshuka chini yao. Walikuwa juu yake, wao na kilele na nyota chache zilizooshwa, na bonde lote lilikuwa limejaa weupe uliotulia hadi ukingoni. Mahali fulani chini ya weupe ule mbwa alibweka mara moja. Kristina alivuta kanga mabegani, akamwachia mumewe nafasi kizingitini, wakaketi.