Wino Mwekundu wa Madamu Micheline

Madamu Micheline Kanyere hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtesa zaidi. Mtu mbaya hutenda ubaya wake akaenda zake. Yeye alitenda, kisha akabaki nao, akiugeuza huku na huku moyoni.

Alifundisha Kihispania katika chumba cha mbao kule mtaani Mabanga, madawati sita na ubao mmoja. Lugha yenyewe hakuipata darasani. Aliipata langoni mwa kambi ya askari wa Uruguay, alikouza chai na maandazi kwa miaka saba, akiokota neno moja leo na jingine kesho. Askari akinywa chai alisema me gusta, na Micheline akaelewa: “napenda”. Askari walipoondoka, yeye alibaki na Kihispania mdomoni, na mtaa mzima ukamwita mwalimu. Katika nchi ya vipofu chongo ni mfalme, na chongo huyu alifungua darasa.

Kwa kuwa mwalimu hana budi kuwa na kanuni, alijitungia ya kwake. Me ni mimi, alisema, mtu mmoja, basi unaandika gusta siku zote. Les ni wao, watu wengi, basi unaandika gustan. Wanafunzi waliinakili, na kwa miaka tisa hakuna aliyebisha.

Wa kwanza kubisha alikuwa Umugwaneza. Msichana huyo alikuwa na miaka kumi na tisa, familia yake ilikimbia vita kutoka Rutshuru, na asubuhi kabla ya somo aliuza sambaza, wale samaki wadogo, na mama yake pale Kituku, sokoni kando ya ziwa. Alikuwa mpole hadi ukamsahau kama yumo darasani. Lakini siku hiyo aliinua mkono.

“Madamu, niko na swali.”

“Uliza.”

“Kwa Kiswahili tunasema: mutoto ananifurahisha. Kama beko wengi: batoto bananifurahisha. Ni batoto bananifanya kitu, mi niko napokea tu. Naona hata Kihispania iko vile. Me gustan los niños. Ile gustan inafuata batoto, haifuate mi.” Alisita, akaongeza kwa sauti ndogo: “Na maguu vilevile. Sisemi ‘niko naluma maguu’. Maguu ndiyo inaniluma.”

Ukweli usemwe: neno lile lilimpata Micheline. Alimkumbuka askari mmoja mnene aliyekuwa akivua viatu langoni na kulalamika kuwa miguu inamuuma, me duelen los pies, me duelen, naye akadhani ni namna yake tu ya kusema. Sekunde moja tu alikumbuka. Kisha akaona macho ya wanafunzi kumi na wawili yakimngoja, na kiburi kikamtangulia.

“Umugwaneza, nani alikaa na batu ya Kihispania miaka saba? Mi ao weye?”

Wakacheka.

“Hapa si somo ya Kiswahili. Kaa chini.”

Akakaa. Hakuinua mkono tena.

Sasa, darasa lile halikuwa mchezo. Kila mwaka Masera Amparo, mtawa Mhispania mwenye zahanati kule Katoyi, alichagua msichana mmoja wa kwenda kusomea uuguzi katika nyumba ya shirika lao huko Hispania. Mmoja tu. Na aliyemchagua kwa kweli alikuwa Micheline, kwa sababu Masera aliufuata mtihani wake bila kuuliza.

Mtihani ulipofika, Umugwaneza aliandika alivyoamini. Me gustan los niños. Me duelen los pies. A mis padres les gusta el pescado. Nos falta agua. Micheline alishika kalamu nyekundu, akakata gustan akaandika gusta, akakata duelen akaandika duele. Kwa wazazi, kwa kuwa ni wawili, akaandika gustan, ijapokuwa samaki aliyewapendeza alikuwa mmoja. Kwa “sisi”, wengi, akaandika faltan, ingawa kilichopungua kilikuwa maji tu. Kalamu haikutetemeka hata kidogo. Umugwaneza akaanguka nafasi ya pili, nyuma ya Charline, msichana wa jirani aliyekuwa ameikariri kanuni ya mwalimu kama sala.

Jumamosi matokeo yalisomwa mbele ya wazazi, kama desturi. Jina la Charline lilipotajwa, shangwe zilipasuka na shangazi zake wakacheza hadi barabarani. Umugwaneza alipiga makofi pamoja na wengine, tena alipiga vizuri.

Jumatatu Micheline alipeleka orodha Katoyi. Masera Amparo alikuwa ukumbini akimhudumia mtawa mwenzake, bibi kizee aliyeketi kwenye kiti cha plastiki.

“¿Te duele la espalda?” aliuliza Masera, akimgusa mgongo.

“No. Hoy me duelen las rodillas,” alijibu yule bibi, akishika magoti yake yote mawili.

Micheline alisimama mlangoni na orodha mkononi. Bibi alikuwa mmoja. Me ilikuwa ya mtu mmoja. Lakini mgongo ulikuwa mmoja na magoti mawili, na kitenzi kiliyafuata magoti. Maneno ya Umugwaneza, yale yale. Miguu ndiyo inayouma, mtu anapokea tu. Hata Kiswahili chake mwenyewe, alichonyonya kwa mama yake, kilikuwa kinamwambia hivyo tangu utotoni, naye akamkalisha chini mtoto wa watu kwa kukitaja.

Hapo hapo angesema. Mlango ulikuwa wazi, Masera alikuwa anatabasamu, na maneno yaliyohitajika hayakuzidi kumi. Badala yake akasikia mdomo wake ukisema:

“Masera, naona ingekuwa muzuri usikie babinti babili kwa mudomo mbele ya kuchagua. Charline na Umugwaneza. Vendredi.”

“Wazo nzuri sana, Madamu,” alisema Masera.

Micheline alirudi nyumbani akijipongeza. Ijumaa Umugwaneza atasema sawasawa, Masera atasikia kwa masikio yake, nafasi itamrudia mwenyewe, na wino mwekundu hautajulikana na mtu. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, lakini yeye aliona yake ni ndefu ya kutosha hadi Ijumaa.

Jumanne akashuka Kituku kumpa Umugwaneza habari. Alimkuta na mama yake nyuma ya beseni la sambaza, wakipima kwa kikombe. Mama alipomwona aliinuka haraka na kufuta mikono kwenye kitenge.

“Madamu, tunaomba pardon. Mutoto alinielezea vile alikujibu mbele ya darasa. Nilimukaripia sana. Nilimuambia: kama unajua kitu kupita mukubwa, ujue ndani ya tumbo yako. Mwalimu haumusahihishe mbele ya batu.”

Umugwaneza alitazama chini.

Hapo tena angesema. Mara ya pili Mungu alimwekea mlango wazi, na safari hii mbele ya mama mwenye magamba ya samaki mikononi, anayeomba msamaha kwa kosa ambalo halikuwa lake.

“Haina neno, Mama,” alisema. “Nimeshasamehe.”

Nimeshasamehe! Alipanda kutoka ziwani na neno hilo kooni, na njia nzima halikushuka. Alijua amefanya jambo la aibu kuliko hata lile la kalamu. Lakini Ijumaa ilikuwa karibu, na alijiambia Ijumaa itasafisha yote.

Ijumaa saa nne asubuhi, Charline aliingia wa kwanza. “Me gusta los niños,” alisema kwa furaha, kama alivyofundishwa. Masera aliinua nyusi, akaandika kitu, akamshukuru. Charline akaenda zake nyumbani akiamini amefaulu. Micheline, aliyeketi kwenye kona kama mwalimu wao, aliangalia sakafu.

Kisha akaingia Umugwaneza, sketi imepigwa pasi.

“¿Por qué quieres ser enfermera?” aliuliza Masera. Kwa nini unataka kuwa muuguzi?

“Porque me…” alianza msichana.

Akageuza kichwa, akamtazama Micheline kwenye kona yake. Hayakuwa macho ya mtu aliyesahau. Yalikuwa macho ya mtu anayeona shimo mbele ya mzee na kumshika mkono asitumbukie.

“Me gusta los niños,” alisema.

Masera akaandika. “¿Y a tus padres? ¿Qué les gusta?” Na wazazi wako, wanapenda nini?

“A mis padres les gustan el pescado.”

Makosa yote mawili, yale ya wino mwekundu, neno kwa neno. Micheline alielewa mara moja. Mtoto alijua. Alijua vizuri kabisa, na aliitupa Hispania yake chini, hapo, mbele yake, ili mwalimu asiaibike mbele ya mgeni.

Masera alifunga daftari. “Basi. Wote wawili sawa. Nitafuata orodha yako, Madamu.”

Micheline alisimama.

“Masera, usifuate orodha yangu. Ile orodha iko ya bongo, haiko ya kweli. Mi ndiye sijuwe. Nilifundisha vibaya miaka tisa. Huyu mutoto aliandika muzuri, mi nikamukata. Aliniambia mbele ya darasa, nikafanya benzake bamucheke. Lundi nilikusikia na ule masera muzee, nikajua, nikanyamaza. Kwa mama yake nilinyamaza tena. Na sasa ameharibu kwa kusudi, juu ya heshima yangu.”

Masera aliweka kalamu chini.

“Juu ya nini hukusema lundi?”

“Haya, Masera. Niliona haya.”

Masera hakumkemea, na ingekuwa afadhali angemkemea. Alimgeukia msichana. “Sema vile wewe unajua.”

Umugwaneza alimtazama Micheline tena, akiomba ruhusa. Micheline akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtiririka bila kujizuia.

“Me gustan los niños,” alisema Umugwaneza polepole. “A mis padres les gusta el pescado. Me duelen los pies. Nos falta agua.”

“Nafasi ni yake,” alisema Masera. “Na wewe, Madamu, utaenda mwenyewe kwa Charline, leo. Si kesho. Na kila Jumatano utakuja hapa, nitakufundisha.”

Walitoka pamoja hadi barabarani, mwalimu na mwanafunzi. Pikipiki zilipita zikirusha vumbi jeusi la volkano. Micheline alikuwa akiwaza shangazi za Charline walivyocheza, na namna atakavyosimama mlangoni kwao, na miaka tisa ya watoto ambao hata majina yao alikuwa ameyasahau. Alitafuta neno la kumwambia huyu aliyekuwa pembeni yake. Kabla hajalipata, Umugwaneza alisimama, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo wasichana wa kwao, akainamisha kichwa.

“Madamu, unisamehe,” alisema. “Nilikupatisha haya mbele ya Masera.”