Namba Iliyo Nyuma ya Kadi

Mutuma alikuwa ajenti wa bima pale Makutano, Meru, na kama kuna mtu aliyependa kupigiwa simu hapa duniani, ni yeye. Akiwa anakula, aliacha tonge. Akiwa kanisani, alitoka nje ameinama, simu sikioni, ili waumini wote waone jinsi anavyotafutwa. Hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alipenda tu kuwa wa maana, na mapenzi hayo hayakumdhuru yeye kwanza.

Mwaka huo alikuwa amepata chama cha akina mama wa sokoni, wakachukua bima ya matibabu kwa pamoja. Aliyemfungulia mlango ni Ciakuthii, mjane anayeuza maharagwe na njahi, zile fiwi nyeusi, ambaye soko zima linamwita Mama Karwirwa. Alimzungusha kibanda hadi kibanda akisema, "Huyu ni kijana wetu, hawezi tuchezea." Kwa neno lake wakaweka sahihi.

Kadi zilipofika, nyuma yake palikuwa na namba ya simu. Haikuwa ya kampuni ya bima. Ilikuwa ya kampuni nyingine, msimamizi wa matibabu, ambayo bima huikabidhi kazi ya kutoa kadi, kuidhinisha wagonjwa kulazwa na kupasuliwa, na kukagua madai ya hospitali. Simu yake hujibiwa usiku na mchana. Mutuma aliitazama namba ile, akaenda kuchapisha vibandiko vyenye picha yake akitabasamu, namba yake mwenyewe, na maneno: NIPIGIE MIMI. Akavibandika juu ya ile namba, kadi moja baada ya nyingine, kwa mkono wake.

Basi Ijumaa moja saa tisa alasiri simu ililia. Alikuwa Karwirwa, binti ya Ciakuthii, akiwa hospitali.

"Mutuma, mama amelazwa. Ile kidonda ya mguu imeharibika, unajua ako na sukari. Daktari anasema kesho asubuhi aingie theatre wasafishe, watoe nyama imeoza. Lakini wanasema idhini haijatoka. Nimeuliza kwa dawati ya bima wakaniambia tungoje."

"Karwirwa, usihangaike," Mutuma alisema, na sauti yake ikanenepa. "Usizunguke ukiuliza watu. Hiyo niachie mimi."

Alimpigia Isaack, aliyefahamiana naye katika makao makuu ya kampuni ya bima, Nairobi. Isaack alimsikiliza, akashusha pumzi.

"Bro, hiyo sio yetu. Kama jina lingekosekana kwa orodha ya wanachama, ungenipigia. Kama ni malipo ya bima ama kitu policy haifuniki, nipigie. Lakini idhini ya theatre ni ya msimamizi. Wapigie saa hii, wako macho. Na kama wanangoja karatasi ya daktari, hiyo iko upande wa hospitali, wala sio wao."

"Lakini nyinyi ndio wenye pesa," Mutuma alisema. "Mwenye ng'ombe hamwombi mchungaji ruhusa ya kukama. Waandikie tu."

Isaack alisema ataandika barua pepe, kwa namna mtu anavyosema ili akate simu. Ofisi yao ilifungwa saa kumi na moja, na haikufunguliwa tena hadi Jumatatu. Mutuma alimwambia Karwirwa, "Nimeongea na wakubwa." Kisha akala chakula cha jioni na kulala vizuri. Inaniuma kusema hivyo, lakini alilala vizuri.

Jumamosi Ciakuthii hakuingia chumba cha upasuaji. Walimfunga kidonda upya, wakampa dawa. Karwirwa alipiga simu mara tatu, na mara zote tatu Mutuma alimjibu kwamba jambo liko juu, lisubiriwe. Msichana alikuwa amekatazwa kuuliza, akatii, kwa sababu mama yake alimwamini huyu mtu.

Jumapili baada ya ibada Mutuma alibeba ndizi na mfuko wa machungwa, akaenda kuangalia mgonjwa. Alimkuta Karwirwa kwenye korido, kadi mkononi. Kibandiko kilikuwa kimebanduliwa nusu, tabasamu la Mutuma limekunjamana.

"Nesi ndiye ameniuliza mbona sijapiga namba ya nyuma ya kadi," alisema polepole. "Nikamwambia nimepiga. Akakwangua na ukucha, akanionyesha."

"Umewapigia?"

"Saa tatu hii asubuhi. Dada mmoja anaitwa Sahra akashika mara moja. Akasema ombi la hospitali waliliona Ijumaa asubuhi, na saa sita wakauliza vitu mbili tu: majibu ya damu na ripoti ya daktari, mama alianza sukari lini. Hawajajibiwa. Swali liko kwa computer ya hospitali tangu Ijumaa."

Mutuma alihamishia mfuko wa machungwa mkono wa pili.

"Akaniambia nimwendee karani wa bima hapa hapa, nimshike mkono, nisitoke mpaka atume. Karani akaitafuta, akaona haya, akamkimbilia daktari. Saa tatu na nusu wakatuma. Saa nne kasorobo idhini ikatoka. Robo saa, Mutuma. Robo saa tu."

"Basi si imetoka?" alisema, na matumaini yakampanda usoni. "Tushukuru Mungu."

"Ilitoka ya kusafisha kidonda. Usiku mama alishikwa na homa. Daktari amekuja akaangalia, akasema uozo umepanda, sasa ni dharura, hata idhini hawangoji. Wanakata mguu. Chini ya goti."

Ziko siku mtu hutamani korido iwe ndefu zaidi. Hii ilikuwa fupi, na mwisho wake palikuwa na kitanda. Ciakuthii alikuwa ameshavishwa gauni la kijani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa homa, lakini akili yake ilikuwa timamu.

"Mutuma, umekuja."

"Nimekuja, mama."

"Nataka kuuliza kitu kimoja kabla wanichukue. Ile namba uliziba. Ulikuwa unajua ni ya nini?"

Angeweza kudanganya. Angesema makosa ya mchapishaji, angesema kampuni haikumfundisha. Lakini walikuwa wamemfundisha, siku nzima katika hoteli moja pale mjini, na alikuwa amekula chakula chao na kuandika katika daftari lao: idhini ni kwa msimamizi; wanachama na malipo ya bima ni kwa kampuni; ripoti za daktari ni kwa hospitali.

"Nilijua, mama," alisema. "Nilitaka watu wanipigie mimi."

Ciakuthii hakumlaani, na heri angemlaani. Alijifunika shuka hadi kifuani kama mtu aliyehisi baridi, akageuza uso ukutani. Wauguzi wakaja, wakasukuma kitanda.

Mutuma alibaki na Karwirwa.

"Nikae nawe?" aliuliza.

"Hapana. Nenda tu nyumbani."

"Utaniambia vile imeenda?"

Karwirwa alipokea ndizi na machungwa, kwa sababu alilelewa vizuri. "Tutakupigia," akasema.

Mutuma aliketi nyumbani jioni ile na simu mapajani. Aliichaji ingawa ilikuwa imejaa. Jumatatu aliishika mkononi kutwa nzima, akaikagua mara kwa mara kama ina mtandao. Jumanne asubuhi alipita sokoni, akaona kibanda cha nafaka kimefungwa, na mama wa kibanda cha pili akamwambia, bila kuinua macho kutoka kwa njahi alizokuwa akipepeta, kwamba mguu ulikatwa Jumapili saa saba mchana.

"Sisi sote tulipigiwa," akasema.