Pombe Ndani ya Msuli

Arobaini na nane! Kidomo aliitazama ile alama nyekundu mpaka macho yakamuuma. Mkondo wa sayansi ulitaka hamsini, na orodha ilikuwa inabandikwa saa nane mchana huohuo. Basi akaingia ofisi ya walimu bila kuitwa, akamwekea mwalimu wa baiolojia karatasi mezani.

"Shikamoo, Mwalimu. Swali la saba umenionea."

"Nimekuonea? Mimi?" Mwalimu hakuitikia hata salamu. "Nimeuliza, msuli wa mkimbiaji ukikosa oksijeni ya kutosha, glukosi inakuwa nini? Jibu ni pombe, kabonidioksidi na nishati kidogo. Wewe umeandika nini?"

"Asidi laktiki na nishati kidogo. Pombe ni ya hamira, Mwalimu. Ile ya kabonidioksidi, maji na nishati nyingi ni pale oksijeni inapokuwa ya kutosha, na nimeiandika juu yake."

"Unanifundisha kazi! Egemea ukuta. Kaa kiti cha hewa mpaka adabu ikurudie."

Kidomo akabandika mgongo ukutani, akakunja magoti kama aliyekalia kiti. Dakika ya kwanza alivumilia. Ya pili mapaja yakawaka moto, yakaanza kutetemeka. Alimchukia yule mtu, alimchukia kabisa, na chuki ndiyo iliyomshikilia asianguke.

"Mwalimu," akasema akihema, "njoo uninuse."

"Nini?"

"Mapaja yangu yamekosa oksijeni, yanawaka. Kama ni pombe, basi nimelewa hapa ofisini kwako. Ninuse!"

Mwalimu wa kemia, mama mmoja asiyependa makuu ingawa ndiye mkuu wa idara ya sayansi, akapaliwa na chai kwa kicheko pale meza ya pili. "Kubali yaishe, mwenzangu. Umechanganya hamira na binadamu. Wanariadha wote si wangefika utepeni wakipepesuka?"

Mwalimu wa baiolojia akavimba. Akavuta karatasi, akachora vema moja kwa nguvu mpaka ikatoboka.

"Haya, alama ya mlingano nimekupa. Arobaini na tisa. Bado moja, na hupati. Simama utoke!"

Kidomo akasimama. Miguu ilimgomea, kifua kikapanda na kushuka. Alitaka kulia. Alama moja tu, jamani!

"Toka, nimesema! Adhabu imekwisha, umesimama wima, sasa unahemea nini? Maigizo tu!"

Kidomo akamkazia macho.

"Navuta oksijeni iliyopungua nilipokuwa ukutani, Mwalimu. Mwili unaihitaji kuiondoa ile asidi. Ndiyo maana mkimbiaji huendelea kuhema hata mbio zikiisha. Swali la saba, sehemu ya c. Umeuliza mwenyewe, nikakujibu hivyohivyo, ukanikata."

Mwalimu wa kemia akaiokota kalamu nyekundu, akamwekea mwenzake mkononi, wala hakucheka tena.

"Andika hamsini," akamwambia. "Halafu uniletee karatasi za darasa zima."