Mfuko Usio na Majivu

Kitu cha kwanza alichokiona Edith ni kwamba mfuko wa Bibi Bertilla haukuwa na majivu.

Mtaa mzima wa Milanzi mifuko ya taka ni mizito kwa sababu ya majivu. Ukiondoa maganda ya viazi, mabua na vichupa vya dawa ya kikohozi, kinachobaki ni majivu ya kuni na ya mkaa, na asubuhi nyingine huwa bado yana moto ndani, mpaka Kelvin, dereva wa guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kuzolea taka, anaruka na kupiga kelele: "Mnataka kunichomea chombo!" Baridi ya Sumbawanga haimwachi mtu alale na jiko lililozimika. Kwa hiyo Edith alipoinua mfuko wa salfeti mlangoni kwa bibi, ukamjia mkononi mwepesi kama kikapu kitupu, alisimama kidogo. Akaupapasa kwa nje. Majani makavu ya mparachichi, na vumbi la kufagia uani. Basi.

Akaubeba mpaka barabarani. Edith hakuwa msemaji. Alitoka kijijini Chala na darasa lake la tano ambalo halikufika mwisho, na katika kikundi cha usafi alichaguliwa kwa sababu ya miguu yake. Vichochoro vya mtaa ule havipitishi guta, hivyo yeye ndiye aliyeingia ndani, akatoa mifuko mlango kwa mlango mpaka barabarani. Maneno alimwachia dada Atupele.

Atupele alikuwa kiongozi wao, mwanamke wa Mbeya mwenye mwili na sauti. Alishika mashine ya risiti iliyotoka ofisi ya mtendaji wa mtaa, na alikuwa na sheria yake moja: hadai mtu kabla mfuko wake haujapanda kwenye guta. "Nikudai kwa kazi gani?" alikuwa akisema. "Kwanza nibebe, ndipo nifungue mdomo." Mwezi ule lori la manispaa lilipoharibika na kizimba cha taka kikajaa mpaka mbwa wakahamia, aliwazungukia wote kuwaambia kwamba hatakusanya mpaka taka ziondoke. Ndiyo maana walimfungulia milango. Hata Mama Redempta, bingwa wa kukwepa, alimfungulia.

"Baba Redempta bado hajarudi, dada Atu."

"Hajarudi tangu Krismasi? Huyo si mume, ni barua."

"Njoo kesho bwana!"

"Kesho nakuja na kiti. Nitakaa hapa, nile hapa, na mboga nitachagua mimi."

Mama Redempta alicheka, akaingia ndani, akatoka na noti yake. Mashine ikakohoa karatasi.

Bibi Bertilla hakuwahi kusubiri utani wa namna hiyo. Alikuwa mjane, anaishi peke yake katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye ua mpana, na kila mwezi alikuwa wa kwanza. Alifungua fundo la kitenge, akatoa elfu moja yake, akaipokea risiti kwa mikono miwili na kuichomeka ukutani kwenye msumari juu ya nyingine. Edith akaanza kuutazama ule mfuko kila walipopita. Majani na vumbi. Wiki nyingine majani, vumbi na kipande cha chungu kilichovunjika. Mvua zilikuwa katikati, mahindi ya ghalani yamekwisha kwa wengi na ya shambani bado mabichi. Bibi alikuwa akifagia ua wake ili apate cha kujaza mfuko, alipe ada kama kaya nyingine. Na moshi haukutoka jikoni kwake.

Jumamosi moja mwenyekiti wa mtaa, mzee Theodory, aliitisha mkutano mbele ya ofisi. Kikundi kiliomba ada ipande kutoka elfu moja hadi elfu mbili. Mtendaji alieleza kwamba sheria ndogo ya manispaa inaruhusu kiasi hicho kwa kaya, ila mtaa ule ulikuwa umeanza na nusu, na wakikubali leo, muhtasari utapelekwa kata na manispaa kabla ya kuanza kukata risiti mpya. Sehemu ya fedha hubaki manispaa kwa ajili ya lori na dampo, iliyobaki ndiyo inayorudi kwa kikundi.

"Elfu mbili mnatuzolea taka au mnatuogesha?" kijana mmoja aliuliza, watu wakacheka.

Atupele alisimama. "Mafuta ya guta yamepanda, mnajua. Tairi ya nyuma ni viraka vitupu. Kelvin hapo anavaa buti la kushoto na ndala ya kulia. Mkisema hapana sitawalaumu, lakini baada ya mavuno hamtaliona guta hapa. Mtarudi kumwaga mtoni usiku, halafu kipindupindu kije tuulizane."

"Na sisi wapangaji?" mwanamke mmoja aliuliza. "Nyumba yetu ina vyumba sita. Tunalipa mara sita?"

"Chungu kimoja, kaya moja," mzee Theodory alijibu. "Mnaopika pamoja mnalipa pamoja. Kila mmoja na chungu chake, kila mmoja na risiti yake."

Edith, aliyekaa chini nyuma kabisa, aliyasikia maneno hayo yakimwingia. Akamtafuta Bibi Bertilla kwa macho.

Mikono ilinyooshwa, elfu mbili ikapita. Kisha mtendaji akasema kuna msamaha kwa wazee wasiojiweza. Majina yatajwe pale pale, mkutano uyathibitishe, yabandikwe ubaoni. Jirani mmoja, kwa nia njema tu, akasema, "Mwandikeni Bibi Bertilla."

Bibi alisimama. Alikuwa mfupi, na alijifunga kitenge kipya kuliko vyote alivyokuwa navyo.

"Nani kawaambia sijiwezi?" aliuliza. "Mimi nimelima ulezi tangu ninyi hamjazaliwa, nimewalisha baba zenu kwenye kazi za ujima. Jina langu lisibandikwe popote. Nitalipa kama wengine."

Watu walipiga makofi, na kwa kweli walikuwa na haki ya kupiga. Edith peke yake hakupiga. Alimwona bibi anavyokaa, taratibu, mkono umeshika ukuta.

Wiki nzima Edith alijiuliza. Ni nani yeye wa kutangaza jiko la mtu? Na akinyamaza, elfu ile ya pili itatoka wapi, kama ya kwanza tayari inatoka tumboni? Walipopita tena, bibi alitoa mfuko wake, na wakati wa kuusukuma mbele aliyumba. Edith aliubeba mpaka barabarani. Badala ya kuutupia juu, aliuweka mbele ya miguu ya Atupele.

"Nini tena?"

"Dada, ushike."

Atupele aliushika, akamtazama. "Mwepesi. Wewe si ushukuru?"

"Hauna majivu." Sauti ya Edith ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. "Tangu mvua zianze. Ni majani tu, anafagia. Hapiki, dada."

Atupele alikaa kwenye ukingo wa guta.

"Kumwandika msamaha haiwezekani," alisema mwishowe. "Tumemsikia. Nikimpita bila kumkatia risiti, atanifuata njiani aniulize kwa nini. Nikimlipia mimi, atajua, na hatanifungulia mlango tena mpaka kufa." Alimgeukia Kelvin. "Guta linalala wapi?"

"Pale pale gereji. Tunawalipa elfu kumi kwa mwezi, na juzi wamenyonya mafuta."

Atupele alisimama, akajikung'uta sketi, akaingia kichochoroni kwa sauti yake yote. "Hodi kwa Bibi Bertilla! Shikamoo bibi! Nina shida, nisaidie!"

"Marahaba. Shida gani ya kupigia kelele?"

"Guta letu linaibiwa mafuta kule tunakolilaza. Ua wako una lango pana upande wa nyuma, na wewe upo siku zote. Tulilaze hapa. Tutakulipa elfu kumi kwa mwezi."

Edith aliona uso wa bibi unavyobadilika. Hakukuwa na machozi wala asante. Yalikuwa macho ya mtu aliyeuza ulezi sokoni miaka mingi.

"Elfu kumi? Gari la taka ndani ya ua wangu? Elfu kumi na tano."

"Bibi, utaniua!"

"Kafe kwako Mbeya. Linanuka hilo."

"Kumi na mbili, na Kelvin analiosha kabla ya kuingia."

Bibi alimkagua Kelvin kuanzia buti mpaka ndala. "Alioshe na yeye mwenyewe aoge. Kumi na mbili. Na asubuhi kabla hamjaondoka mtakunywa uji wa ulezi hapa. Siwapi bure, kikombe mia tatu. Nileteeni malipo ya mwezi wa kwanza leo, ninunue unga."

"Umenishinda," Atupele alisema, na Edith, aliyemjua, aliona jinsi alivyofurahi kushindwa. Kisha Atupele akainua ile mashine. "Na ada yako ya taka, bibi?"

"Si nimesema nitalipa kama wengine? Ikija elfu mbili, utakata ya elfu mbili. Usiniletee ujanja."

Ikawa hivyo. Risiti mpya zilipoanza, Bibi Bertilla alikuwa wa kwanza tena, na jina lake halikubandikwa ubaoni. Mtaa ulijua tu kwamba bibi amepata mpangaji wa magurudumu matatu. Atupele hakumsimulia mtu, hata siku Mama Redempta alipomwuliza kwa nini uji wa kule ni mtamu kuliko wa kwake.

Asubuhi moja ya ukungu Edith alifika mapema kuliko wenzake. Moshi ulikuwa umelala juu ya bati la jikoni. Mfuko ulikuwa mlangoni. Aliuinua, ukamvuta mkono kwenda chini. Ulikuwa mzito, na wa vuguvugu. Akacheka peke yake kama mjinga.

"Unacheka taka?" Bibi alikuwa nyuma yake na kikombe cha uji. Alimpa. Hakumdai mia tatu. "Ni wewe uliyemwambia yule wa Mbeya."

Edith aliinamisha kichwa.

"Sikugombi. Nilifikiri nimewadanganya wote. Wewe ulijuaje?"

Edith alishika kikombe kwa mikono miwili. Kuna jambo alilokuwa amelibeba kutoka Chala, hakuwahi kumwambia Atupele, wala mapadre wa kule, wala mtu yeyote aliyemwuliza kwa nini hakumaliza shule. Ukungu ulikuwa mzito, na kina Kelvin walikuwa bado hawajafika.

"Mama yangu alikuwa anawasha majani mabichi jikoni, bibi," alisema. "Ili majirani waone moshi. Mimi ndiye niliyekuwa natoa majivu. Yalikuwa hayajai kiganja."