Sentensi ya Madhara

Ti-ti! Mlio ule mkavu ulimfikia Mtafiti akiwa bado koridoni, na kabla hajashika kitasa alishajua. Mtandao wa kupokea kazi za mkutano wa madaktari ulikuwa umeikataa tena ikisiri yao, ule muhtasari mfupi wa utafiti.

"Imetema," alisema Desimali bila kugeuza shingo. Ndiye mtakwimu wa mradi, mnene, mcheshi, na jina lile alipewa kwa sababu hata chai huipima. "Wanataka maneno mia mbili na hamsini. Sisi tumewapelekea mia mbili sitini na nane. Hawa jamaa hawana hata haya ya kubembelezwa."

"Mwisho saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni. Nina dawa lakini. Tunaunganisha maneno kwa vistari. Kompyuta inahesabu moja."

"Na atakayesoma?"

"Atadhani tumeandika tukiwa tumelewa."

Mtafiti alivuta kiti. Chumba kilikuwa stoo ya kliniki ya kifua kabla ya kuitwa ofisi. Dirisha lake lilitazama benchi la wagonjwa wanaosubiri dawa. Wagonjwa elfu moja na ishirini wa kifua kikuu walikuwa wamepita kwenye benchi lile kwa ajili ya utafiti wao. Nusu yao walipata ujumbe wa simu kila asubuhi: "Kumbuka dawa yako ya kifua kikuu." Nusu hawakupata. Swali lilikuwa moja tu: je, ujumbe huwafanya watu wengi zaidi wamalize dawa za miezi sita?

Jibu lilikuwa chungu. Waliopata ujumbe walimaliza asilimia sitini na moja. Wasiopata, hamsini na tisa. Tofauti ya namna hiyo yaweza kuletwa na bahati tu.

"Hilo haliguswi," alisema Mtafiti. "Ndilo swali tulilouliza. Ukiulizwa njia ya sokoni hujibu habari za mvua."

"Sawa, bwana mkubwa. Tuchinje nini?"

Walichinja. Iliondoka sentensi ya kwanza iliyosema kifua kikuu ni tatizo duniani, maana hakuna daktari atakayeshtuka kuisikia. Likaondoka jina la programu ya kukokotolea, na Desimali akaweka mkono kifuani kama aliyefiwa. Yakaondoka "kwa hakika", "kwa kiasi kikubwa", na "utafiti zaidi unahitajika".

"Kwa hilo la mwisho watu hula mshahara," alisema Desimali.

Yalibaki matokeo matatu. La kumaliza dawa. La mwezi wa kwanza, ambapo waliopata ujumbe walikuja kliniki kwa wingi zaidi kabla ya kasi kupoa. Na la madhara: "Siri ya ugonjwa ilifichuka nyumbani kwa wagonjwa 17 waliopata ujumbe, na 3 wasioupata."

Mtafiti aliisoma sentensi ile kwa sauti. Nyuma ya ile 17 alimwona fundi cherehani mmoja ambaye mama mkwe wake aliiokota simu jikoni, akasoma, na kabla ya jua kutua akawa amemtolea godoro nje. Mradi wa kupeleka ujumbe huo kwenye kliniki zote ulikuwa mezani kwa wakubwa, wakingoja kitabu cha mkutano chenye ikisiri zote. Na wakubwa husoma ikisiri. Makala kamili huiheshimu kwa mbali, kama mzee kiziwi.

"Mia mbili na hamsini kamili!" Desimali alipiga meza. "Hata nukta haijabaki ya kumpa jirani."

Mtafiti alihisi kifua kikimfunguka. Ndipo mlango ukagongwa mara moja, na Profesa akaingia na miwani yake kichwani. Yeye ndiye mkuu wa mradi, na nywila ya kutuma ilikuwa yake.

"Hongereni, wanangu. Namba ya usajili wa utafiti na jina la mfadhili viko wapi?"

"Si kuna kisanduku chake pembeni, Mama?" aliuliza Desimali.

"Mwaka huu hakuna. Vinahesabiwa humo humo."

Desimali alivihesabu kwa vidole. Maneno kumi. Hakuna aliyefanya mzaha.

"Tutoe la mwezi wa kwanza," Mtafiti aliwahi. "Ni tokeo la pembeni. Halikuwa swali letu."

Profesa alisoma kimya, kisha akavuta kibodi. "Mwanangu, ukiondoa hilo, unabaki na ujumbe usiosaidia kitu na unaodhuru. Nani atatupa nafasi ya kusimama mbele ya watu?"

"Ndivyo ilivyokuwa!"

"Punguza sauti. Mimi nimezika tafiti ngapi zenye ukweli mtupu, unajua? Madhara yatakuwa kwenye makala kamili. Hayapotei."

"Makala itatoka mwakani. Ujumbe utaanza kutumwa kabla. Badilisheni basi maneno ya ujumbe, au tuseme tu kwamba yalikuwepo madhara. Maneno matatu, Mama. Nakuomba matatu."

Kidole cha Profesa kilikuwa kimeshashuka. Sentensi ya madhara iliondoka herufi kwa herufi, kuanzia mkiani. Aliingiza namba na mfadhili, akahesabu, akaona nafasi.

"Haya, matatu yako haya." Akaandika: *Ujumbe ulikubalika vyema.*

Mtafiti alidhani macho yanamdanganya. "Hiyo ni kinyume!"

"Si uongo. Mwezi wa kwanza tuliwauliza, na wengi walisema wameupenda. Desimali, kweli si kweli?"

Desimali aliangalia viatu vyake. "Ni kweli, Mama. Waliulizwa kabla ya siri kufichuka..."

"Basi litoe jina langu," alisema Mtafiti.

"Ukitaka. Itaenda bila wewe, na atakayesimama kuieleza atakuwa mtu asiyejua hata hao kumi na saba ni akina nani. Chagua."

Mtafiti alikuwa na hasira ya kung'oa mlango, lakini alibaki kitini. Profesa alingoja kidogo, kwa upole hasa, kisha akabonyeza kitufe cha kutuma. Safari hii kompyuta haikulia. Ilionyesha alama ya kijani na kushukuru.

Mtafiti alitoka. Kwenye benchi alikuwa amekaa yule fundi cherehani, mkono umeshika karatasi ya majibu ya vipimo.

"Daktari! Dawa nilishamaliza, leo wamenipima tena. Wamesema nimepona."

"Pole kwa safari, dada. Na hongera."

"Nilisikia mnaandika leo. Mmetuandika sisi tuliofukuzwa?"

Angeweza kusema lolote. "Hapana. Maneno yanahesabiwa, hamkupata nafasi."

"Sisi wote hao?"

"Wote."

"Na ule ujumbe? Watatumiwa wengine?"

"Nadhani watatumiwa. Nitaandika barua nitoe jina langu."

"Ukitoka wewe ndiyo naingia mimi?"

Mtafiti alitikisa kichwa. Hilo hata Profesa hakumuuliza.

"Basi kaa na jina lako." Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Chumba changu wamempa shemeji. Mume wangu hapokei simu. Mama mkwe anasema kupona ni maneno yangu mimi, nani ameyaona. Huko kwenu nafasi hakuna, nimekubali. Huko kwa mama mkwe ipo. Hahesabu maneno yule, anaongea mchana kutwa. Njoo umwambie wewe. Atakusikiliza, una koti jeupe."

"Anaweza kunifukuza na mimi."

"Anaweza."

Kule ndani Desimali alikuwa anafunga dirisha polepole, kama mtu asiyetaka kusikika. Mtafiti alikaa benchini kando ya yule mwanamke. Alitafuta kitu kikubwa cha kumpa, akakikosa. Alichokuwa nacho kilikuwa kidogo, na kilikuwa kimechelewa.

"Jumapili asubuhi," alisema. "Nitakuja kwa mama mkwe wako, nitasema kwamba umepona, na kwamba ule ujumbe ulitumwa na sisi. Nitayasema yote, dada. Nakuahidi."